Naomba mnisomee makubaliano haya kati ya timu ya data na watu wa mauzo kabla sijayapeleka kwa bosi

Kijana_wa_Ripoti (#1)

Wakuu habari za leo. Niko timu ya data ya watu 3 kwenye kampuni ya usambazaji wa sabuni na mafuta ya kula. Makao makuu yapo Dar, depo 14 zimetawanyika mikoani. Kila usiku saa 8 tunavuta mauzo ya depo zote, tunayasafisha, asubuhi watu wa mauzo wanafungua ripoti kwenye Power BI na kupanga magari yapakie nini.

Jumatatu ya wiki jana ripoti ilionyesha Mbeya wana mafuta ya kutosha. Lori likapelekwa kwingine. Kumbe Mbeya walishamaliza mafuta tangu Jumamosi mchana. Mkurugenzi wa mauzo amewaka, na bosi wangu ameagiza tuandike ukurasa mmoja wa makubaliano: data itakuwa tayari saa ngapi, na ikikwama tutafanya nini. Rasimu yangu ni hii:

"Timu ya data itahakikisha ripoti zinapatikana saa 24, siku 7 za wiki. Data itasasishwa kila saa. Hitilafu yoyote itatatuliwa ndani ya saa 1."

Imekaa sawa? Nini kimepungua?

GhalaKuu (#2)

Usiipeleke hiyo. Sentensi zote tatu utazivunja ndani ya wiki ya kwanza, na baada ya hapo hakuna atakayeisoma karatasi yako tena.

Anza na maswali mawili. La kwanza waulize wao: uamuzi unafanyika saa ngapi? Simaanishi wangependa data saa ngapi, maana hapo kila mtu atajibu "sasa hivi". Uliza lori la kwanza linaanza kupakia saa ngapi, na nani anaandika orodha ya kupakia. La pili jiulize wewe: kwa siku 60 za kazi zilizopita, kazi yenu ya usiku ilimalizika saa ngapi kila siku? Kumbukumbu ipo kwenye seva, kaitoe. Ahadi yako inakaa kati ya majibu hayo mawili. Ukiandika kabla ya kuyajua unaandika matumaini.

Wakili_Msomi (#3)

Mleta mada, mkataba mzuri wa huduma unapaswa kuwa na wahusika waliotajwa kwa majina yao ya kisheria, kifungu cha fidia kwa kila saa ya ucheleweshaji, namna ya kuvunja mkataba, na mahali pa kutatua migogoro. Rasimu yako haina hata kimoja. Kampuni yenu ya data ikishtakiwa kwa lori lililopotea njia itajitetea na nini?

Kijana_wa_Ripoti (#4)

Asante wakili, ila sisi si kampuni ya nje. Ni idara mbili za kampuni moja, tunakula kantini moja. Hakuna wa kumshtaki mwenzake. Hii ni karatasi ya kuelewana tu.

@GhalaKuu nimeuliza. Orodha ya kupakia inaandikwa kuanzia saa 1 asubuhi, lori la kwanza linapakia saa 1 na nusu. Kumbukumbu za siku 60 nazitoa jioni.

Wakili_Msomi (#5)

Sawa, hapo nilikusoma vibaya. Basi usiite mkataba, ita makubaliano, na fidia iondoe. Ila sehemu ya wahusika ibaki. Hata ndani ya nyumba moja, ahadi isiyo na jina la aliyeahidi haina wa kumuuliza.

Baharini_001 (#6)

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu yangu, kabla ya yote andika saa zako vizuri. Sisi kwenye sakosi moja tuliandika "ripoti ya amana itatoka 01:30". Fundi alimaanisha saa saba na nusu usiku. Meneja wa tawi akasoma saa moja na nusu asubuhi. Miezi miwili hakuna aliyegundua, kwa sababu ripoti kweli ilikuwapo saa moja na nusu. Siku ilipochelewa hadi saa kumi na mbili alfajiri, fundi alihesabu amevunja ahadi, meneja hakuona lolote. Hilo lilikuwa jepesi. Baadaye wakabadilisha, wakaandika 07:00, na karani mmoja akaingoja saa saba mchana.

Na kuna la pili ndani ya hilohilo. Seva yetu ilikuwa inatumia saa ya UTC, iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kazi ikianza saa nane usiku kwetu, kwa seva bado ni saa tano usiku ya jana. Kwa hiyo ukimwambia seva "nipe ya jana", anakupa ya juzi. Tulichapisha miamala ya juzi kwa jina la jana kwa muda mrefu kidogo, mpaka mwanachama mmoja alipokuja na risiti yake mkononi.

MziziWaNet (#7)

Watu wanatatiza jambo jepesi. Weka asilimia 99.9 kama wanavyofanya watoa huduma wakubwa. Ukiweka chini ya hapo mauzo watasema mnajipunguzia kazi. Na kusasisha kila saa kunawezekana kabisa, Power BI ina ratiba, unachagua saa unazotaka basi.

GhalaKuu (#8)

@MziziWaNet hesabu hiyo 99.9 kwa kitu kinachotokea mara moja kwa siku. Ripoti ya asubuhi ni moja. Kampuni inayofanya kazi siku 6 kwa wiki ina siku kama 310 kwa mwaka. Asilimia 99.9 maana yake unaruhusiwa kuchelewa mara moja katika siku 1,000, yaani mara moja kwa zaidi ya miaka mitatu. Timu ya watu 3 haiwezi hilo, na hata mauzo hawalihitaji. Asilimia 99 ni mara 3 kwa mwaka. Asilimia 95 ni mara moja katika siku 20. Mimi huwa naandika hivyo hivyo, "mara moja katika siku 20", kwa sababu mtu wa mauzo anaiona siku hiyo kichwani. Asilimia anaipigia makofi tu kikaoni.

Mizania (#9)

Naongeza kwa MziziWaNet. Leseni ya Pro ya Power BI inakupa ratiba ya kusasisha mara 8 kwa siku, mwisho hapo. Kila saa kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni ni mara 12, hazitoshi. Za 48 ni kwa leseni kubwa zaidi. Pia saa unayoichagua kwenye ratiba ni saa ya kupanga foleni, inaweza kuanza dakika kadhaa baadaye. Na ikishindwa mara 4 mfululizo, ratiba inajizima yenyewe. Kwetu ilijizima Alhamisi, tukaijua Jumanne.

MziziWaNet (#10)

Nakubali kwenye hizo 8, mimi nimezoea leseni kubwa ya kazini. Ila kwenye asilimia bado nasema ukianza na ahadi ndogo hutaipandisha kamwe.

MamaDepo (#11)

Wanangu, mimi niko upande wa pili. Nimepanga magari miaka 11, sasa nasimamia depo tatu. Nimesoma yote mliyoandika na hakuna aliyesema ninachokihitaji.

Ripoti kuchelewa si msiba kwangu. Ripoti ikichelewa napiga simu kwa watunza stoo, dakika 40 nimeshapata hesabu za depo zangu zote na magari yanapakia. Msiba wangu ni ripoti iliyofunguka vizuri, rangi zote za kijani, halafu ndani yake mna hesabu za juzi. Hiyo sipigii simu kwa sababu sijui kama natakiwa kupiga. Kwa hiyo ahadi ninayoitaka mimi ni moja: saa 12 na nusu asubuhi niambie kama leo niiamini au nisiiamini. Ukiniambia usiiamini, sitakulaumu.

GhalaKuu (#12)

Mleta mada, chapisha hayo maneno ya MamaDepo ubandike ukutani. Humo mna ahadi mbili ambazo watu wengi wanaziandika kama moja. Moja ni saa ya ripoti kuwa tayari. Nyingine ni umri wa data iliyomo ndani. Kazi ya usiku inaweza kumalizika saa 11 alfajiri bila kosa lolote, na ikawa imebeba data nzee.

Kijana_wa_Ripoti (#13)

Shikamoo MamaDepo, asante sana.

Nimetoa kumbukumbu za siku 60. Siku 41 kazi iliisha kabla ya saa 11 na nusu alfajiri. Siku 16 iliisha kati ya hapo na saa 12 na dakika 20. Siku 3 ilipita saa 2 asubuhi. Kwa hiyo siku 57 kati ya 60 tungeiwahi saa 1. Nilifurahi, nikaona niandike saa 1 asubuhi, mara moja katika siku 20, nimalize.

Halafu nikaitafuta ile Jumatatu ya Mbeya nijue ni ipi kati ya zile 3. Haimo. Siku ile kazi iliisha saa 11 na dakika 5 alfajiri, moja ya siku nzuri kabisa. Zile 3 ni nyingine: mbili ni tarehe 1 ya mwezi, moja diski ya seva ilijaa.

Yaani kwa kipimo changu siku iliyoleta ugomvi wote huu ni siku tuliyofaulu.

Zamu_ya_Usiku (#14)

Hapo sasa uzi umeanza.

GhalaKuu (#15)

Vizuri sana kwamba umeitafuta. Sasa pima upya kwa depo. Wengi wanaangalia rekodi ya mwisho ya jedwali zima, na hiyo inakudanganya, kwa sababu depo 13 zikileta mauzo ya jana, jedwali linaonekana bichi hata kama ya 14 imelala siku mbili. Fanya hivi kila asubuhi:

```sql
SELECT depo, MAX(muda_wa_mauzo) AS mauzo_ya_mwisho
FROM mauzo
GROUP BY depo
ORDER BY mauzo_ya_mwisho;
```

Mstari wa kwanza ndio depo iliyo nyuma kuliko zote. Umri wa ripoti yako ni umri wa mstari huo.

MamaDepo (#16)

Mwanangu GhalaKuu hapo hujatembea mikoani. Nina depo moja ndogo, Jumamosi mchana wakati mwingine hawauzi hata katoni moja. Mauzo ya mwisho yatakuwa ya saa 5 asubuhi, na data yao imekamilika. Utawaandika wamechelewa nao hawajachelewa.

GhalaKuu (#17)

Nimekosolewa kwa haki. Kutokuwa na mauzo na kutotuma mauzo vinafanana kabisa ukitazama jedwali la mauzo peke yake. Kinachotenganisha ni rekodi ya kufunga siku. Mfumo wa kuuzia ukifungwa jioni unatoa idadi ya risiti za siku hiyo. @Kijana_wa_Ripoti rekodi hiyo mnaivuta? Kama mnaivuta, linganisha: depo imefunga kwa risiti 212, kwako zimefika 212, imekamilika. Zimefika 140, haijakamilika. Imefunga kwa risiti 0, imekamilika na haikuuza.

Baharini_001 (#18)

Na ulinganisho huo uanze na orodha ya depo zote 14, usianze na jedwali la kufunga siku. Depo ambayo haijatuma kitu haitakuwapo kwenye jedwali hilo, kwa hiyo haitatokea kabisa kwenye majibu yako, na wewe utaona majibu yote mazuri. Sisi lilitupata. Tawi lililozimika ndilo lililokuwa halionekani kwenye orodha ya matawi yenye matatizo.

Na Jumatatu "jana" ni Jumapili. Mwambie seva siku ya mwisho ya kazi, usimwambie jana.

Kijana_wa_Ripoti (#19)

Tunaivuta, ila hatukuwahi kuitumia. Nimefanya kama mlivyosema, nikaanza na orodha ya depo.

Katika siku 60 zilezile, siku ambazo depo zote 14 zilikuwa kamili ifikapo saa 1 asubuhi ni 46. Siku 14 kulikuwa na depo angalau moja pungufu. Mbeya ile Jumatatu: intaneti ilikatika Jumamosi saa 6 mchana, risiti zote za baada ya hapo zilikuwa zimekaa kwenye kompyuta ya depo zinasubiri mtandao. Ripoti ikaonyesha stoku ya saa 6 mchana kana kwamba ni ya jioni.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi. Kwa saa tungeahidi 57 kati ya 60. Kwa ukamilifu ni 46 kati ya 60. Niandike ipi?

MziziWaNet (#20)

Andika ya 57. Intaneti ya Mbeya si kazi ya timu ya data. Huwezi kubeba lawama ya nguzo iliyoanguka.

Mizania (#21)

Mimi naona kinyume. Mtumiaji hajali nguzo ni ya nani. Ukiandika 57 umeandika karatasi inayoilinda timu yako, na Jumatatu nyingine kama ile utaionyesha kusema "sisi tulitimiza". Hapo ndipo makubaliano ya aina hii yanapofia. Nimeyaona mawili yakifa hivyo, yote timu ilikuwa inajipima yenyewe na kujipa alama nzuri kila mwezi huku watu wameshahamia kwenye faili zao za Excel.

Zamu_ya_Usiku (#22)

Kwangu yalikufa kwa sababu nyingine. Kipimo kilikuwa kizuri tu. Tatizo karatasi ilisema "timu itajibu", na timu ni watu sita. Kila mmoja alidhani mwenzake amejibu. Tukaweka zamu ya wiki, jina moja na namba moja ya simu juu kabisa ya karatasi, kikapona. Kwa hiyo Mizania mimi sikubali kwamba ni kujipima. Ni jina.

GhalaKuu (#23)

Mimi ningeongeza la tatu: wanaoleta data hawakuwapo kwenye meza. Hapa wanaoahidi ni timu ya data na mauzo, lakini nusu ya ahadi iko mikononi mwa meneja wa depo anayefunga siku na fundi wa mtandao. Hawajasaini chochote.

Kwa swali la mleta mada: andika zote mbili, kila moja peke yake. Saa ya ripoti unaiahidi kwa sababu unaimudu. Ukamilifu wa depo zote huumudu, basi usiuahidi. Ahidi kuusema. Ripoti itafunguka saa 1 na kila depo itakuwa na alama yake: imekamilika, au haijakamilika na data yake ni ya saa fulani. Mbeya ingeandikwa "haijakamilika, Jumamosi saa 6 mchana" na MamaDepo angepiga simu.

MamaDepo (#24)

Ningepiga. Simu moja Mbeya, depo 13 nyingine naziamini. Hiyo nataka.

Zamu_ya_Usiku (#25)

Sasa tuje kwenye "hitilafu yoyote itatatuliwa ndani ya saa 1". Futa kabisa. Hujui tatizo la kesho ni lipi. Diski ikijaa unafuta vitu dakika 20 umemaliza. Mfumo wa kuuzia ukibadilisha jina la safu bila kukuambia, utashinda nao siku nzima. Unachomudu ni muda wa kujibu, yaani mtu mwenye jina amefungua tatizo, amelitazama, na ameandika limegusa nini na atarudi lini na taarifa nyingine. Ujumbe wa "tumepokea, tunafanyia kazi" usiuhesabu kuwa jibu.

Na sema saa inaanza kuhesabiwa lini. Kwetu tulibishana mwezi mzima. Sisi tulihesabu tangu tulipopigiwa simu, wao walihesabu tangu ripoti ilipoharibika. Mwishowe tukaandika: kinachotangulia kati ya mashine yetu kutuonya na mtumiaji kutuandikia.

Kijana_wa_Ripoti (#26)

Hapo nina swali la ndani. Kutazama saa 12 na nusu asubuhi kunahitaji mtu ameamka. Tupo 3. Kazi inaanza rasmi saa 2. Nani anaamka, na kwa malipo gani?

Zamu_ya_Usiku (#27)

Zamu ya wiki moja moja, na wiki yako unatoka saa 9 alasiri. Kwetu tulifidiwa hivyo, muda kwa muda.

Mizania (#28)

Kufidia kwa muda kunageuka hewa, kwa sababu saa 9 ndipo vikao vinapoanza. Sisi tuliomba posho ya zamu, tukakataliwa, tukarudisha ahadi nyuma hadi saa 2 na nusu. Watu wa biashara walipoona saa 2 na nusu haiwafai, posho ikapatikana. Huko kote ni kujadiliana, kijana asije akaahidi saa 12 na nusu kwa moyo wake mzuri.

MziziWaNet (#29)

Mashine itume ujumbe yenyewe kwenye kundi la WhatsApp la depo, hakuna haja ya mtu kuamka.

Zamu_ya_Usiku (#30)

Nusu ya hilo ni kweli. Mashine iseme depo ipi haijakamilika, hiyo inaiweza. Lakini seva ikizimika kabisa, na yule mtuma ujumbe anaishi kwenye seva hiyohiyo, kundi litakuwa kimya, na kimya watu wanakisoma kama heri. Kwa hiyo itume kila siku, hata siku njema: "Depo 14 kati ya 14, saa 12 na nusu asubuhi." Siku usipoona ujumbe ndiyo siku ya kushtuka. Hilo nalo liandikwe ndani ya makubaliano, maana mtumiaji lazima ajue kwamba kimya si salama.

Kijana_wa_Ripoti (#31)

Rasimu ya pili. Naomba mnisomee bila huruma.

"1. Jumatatu hadi Jumamosi, ripoti ya mauzo na stoku itakuwa tayari saa 1 kamili asubuhi (07:00, saa za Afrika Mashariki).

2. Ndani ya ripoti kila depo itaonyesha kama imekamilika. Isiyokamilika itaonyesha data yake ni ya mpaka saa ngapi.

3. Kila siku saa 12 na nusu asubuhi (06:30) ujumbe utatumwa kwenye kundi la depo kusema depo ngapi zimekamilika. Ujumbe usipofika, ripoti ya siku hiyo isitumike mpaka mtu wa zamu aseme.

4. Tunaweza kuikosa saa 1 asubuhi mara moja katika siku 20 za kazi. Tukichelewa mara ya pili ndani ya siku hizo, tunaacha kazi mpya mpaka sababu ipatikane, na mauzo wataarifiwa kazi ipi imesimama.

5. Hitilafu ikitokea kati ya saa 12 na nusu asubuhi na saa 11 jioni, mtu wa zamu atajibu ndani ya dakika 30, kisha atatoa taarifa kila saa. Muda wa kutengeneza hatuuahidi. Jina na namba ya mtu wa zamu vipo juu ya ripoti.

6. Meneja wa depo atafunga siku kabla ya saa 3 usiku. Mtandao ukiwa umekatika, atatuma idadi ya risiti kwa simu.

7. Tarehe 1 ya kila mwezi ripoti itakuwa tayari saa 4 asubuhi, kwa sababu wahasibu wanafunga mwezi usiku huo."

GhalaKuu (#32)

Hii inasomeka. Namba 4 nimeipenda, kwa sababu kuchelewa kuna gharama inayolipwa kwa kazi na hakuna mtu anayepigwa faini. Ila weka tarehe ya kuipitia tena, miezi 3 inatosha, hesabu zako ni za siku 60 tu.

Wakili_Msomi (#33)

Namba 6 inamfunga meneja wa depo ambaye hayumo kwenye makubaliano. Ama asaini mkuu wake, ama iandikwe kama sharti: depo ikifunga kabla ya saa 3, sisi tunaahidi hivi. Isipofunga, ahadi ya ukamilifu kwa depo hiyo haipo.

MamaDepo (#34)

Namba 7 siikubali hata kidogo. Tarehe 1 ndiyo siku ninayoihitaji kuliko zote. Malengo mapya ya mwezi yanatoka, wateja wakubwa wanaweka oda, magari ni mengi kuliko siku yoyote. Unanipa ripoti siku 25 ambazo ningeweza kujitafutia, unaninyima ile moja nisiyoiweza.

Kijana_wa_Ripoti (#35)

Mama nimeiweka kwa sababu ndipo tulipochelewa mara mbili kati ya tatu. Wahasibu wakifunga mwezi jedwali linafungwa, kazi yetu inasubiri mlangoni.

Mizania (#36)

Mimi ni mhasibu. Kufunga mwezi hakulazimiki kuwa usiku wa kuamkia tarehe 1 saa 8. Kwetu tulisogeza ikaanza saa 2 asubuhi na dunia haikuanguka. Nenda kamuulize mhasibu mkuu wenu ana sababu gani. Huenda anayo, mfano anasubiri taarifa za benki, lakini huenda ni saa iliyowekwa na fundi wa zamani na hakuna aliyeigusa.

GhalaKuu (#37)

Na ukishindwa kuisogeza, tarehe 1 mpe MamaDepo ripoti ya stoku peke yake saa 1, mauzo yaje saa 4. Stoku haipiti kwa wahasibu, sivyo?

Kijana_wa_Ripoti (#38)

Stoku inapita kwenye jedwali hilohilo, lakini tunaweza kuivuta kabla halijafungwa, saa 5 usiku. Itakuwa pungufu kwa depo zitakazochelewa kufunga siku. Nitajaribu mwezi huu bila kuiahidi. Mhasibu mkuu nimeomba kumwona Ijumaa.

Baharini_001 (#39)

Swali la mwisho kwangu. Hizo "siku za kazi" unazihesabuje? Idi inategemea mwezi. Usiku ule saa nane kazi yako inapoanza, inaweza kuwa ndiyo kwanza imetangazwa, au bado watu wanaangalia simu. Mwezi usipoonekana, kesho depo zinafungua kama kawaida na MamaDepo anataka ripoti. Ukionekana, depo 14 zimefungwa na asubuhi inayofuata mashine yako itatuma "depo 0 kati ya 14 zimekamilika", watu washtuke kwenye pilau.

Kijana_wa_Ripoti (#40)

Hilo sikuliwaza kabisa. Naona nihesabu siku kwa depo yenyewe: siku ambayo depo imeuza hata risiti moja ni siku ya kazi kwa depo hiyo.

MamaDepo (#41)

Na yule wa Jumamosi ambaye hakuuza hata katoni?

Kijana_wa_Ripoti (#42)

Basi iwe siku ambayo depo imefungua mfumo asubuhi, iuze isiuze. Rekodi ya kufungua sijui kama tunaivuta. Nakwenda kuangalia, nitarudi.